Dakika Kumi Baada ya Kufungwa: Maswali ya Makocha wa Watoto Kigoma

Maswali haya huulizwa na makocha wa mitaani, walimu wa michezo na wazazi wanaosimama pembeni ya viwanja vya Mwanga, Gungu, Ujiji na Kasulu. Yanahusu wachezaji wa miaka 9 hadi 14, na kipande kimoja tu cha kazi ya ukocha: kuanzia filimbi ya mwisho ya mechi mliyofungwa hadi watoto wanapotawanyika. Mifano ni ya mpira wa miguu. Anayefundisha netiboli atabadilisha maneno machache tu.

## Mambo ya msingi

1. Filimbi imelia, tumefungwa. Nianze na nini?

Ingia uwanjani. Usiwasubiri watoto kwenye benchi ukiwa umekunja mikono, maana ile safari ya kutoka katikati ya uwanja hadi kwa kocha aliyenuna ni ndefu kwa mtoto wa miaka 11. Wafuate, mpe mkono kocha wa wenzenu, mpe mkono refa, na watoto wakuone ukifanya hivyo. Kisha nao wapange mstari wapeane mikono na waliowafunga.

Baada ya hapo ni maji na kivuli. Kwa dakika tatu au nne hakuna neno la mechi linalotoka kinywani mwako. Unagawa maji, unauliza nani ameumia, unahesabu bipsi. Watoto wakianza kuongea wenyewe, waache waongee.

Pumzi zikishatulia, waite wakae chini kwa duara, nawe ukae au uchuchumae. Mtu mzima aliyesimama juu ya watoto walioketi huonekana hakimu hata akitabasamu. Mazungumzo ni dakika tano hivi (maswali yenyewe yako kwenye swali la 5). Mkimaliza unataja siku na saa ya mazoezi, mnaondoka. Sisi huku jua linazama karibu saa moja jioni, kwa hiyo hata mechi iliyoanza saa kumi inaacha mwanga wa kutosha. Hakuna haja ya kuongea haraka haraka.

2. Kwa nini nisiwarekebishe palepale, wakati bado wanakumbuka walichokosea?

Kwa sababu muda ule hawasikii maelekezo, wanasikia sauti yako. Moyo unadunda, aibu imejaa kifuani, na pengine mama au kaka yake yuko pembeni anatazama. Mwambie wakati huo kwamba alisimama upande usiofaa wa mshambuliaji, halafu muulize kesho yake ulisema nini. Atakwambia, "Kocha alikasirika." Somo la kukaba limepotea, imebaki hasira.

Sababu ya pili inakuhusu wewe. Mara tu baada ya mechi unakumbuka magoli, hasa la mwisho. Ukiulizwa nini kilitokea dakika ya 12 hujui. Makosa unayotaka kuyakemea yanaweza yasiwe yale yaliyowafungisha. Kuwa na daftari dogo mfukoni, andika mistari mitatu wakati mechi inaendelea, uifungue siku ya mazoezi mkiwa na mpira miguuni. Hapo mtoto ataona kwa macho unachosema, na atakuwa na nafasi ya kukifanya tena.

3. Huku si kuwalea kama mayai? Hawatazoea kufungwa?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na kwa kawaida anayeuliza alifundishwa kwa makofi na kichura, na anaona mbona yeye alikuwa mchezaji mzuri. Anawasahau wenzake walioacha.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani, Ronald Smith na Frank Smoll, walianza miaka ya 1970 kukaa pembeni ya viwanja vya besiboli vya watoto wakiandika kocha anafanya nini mchezaji anapokosea. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1992, wakiwa na Nancy Barnett, walilinganisha makocha waliofunzwa kutia moyo baada ya kosa na kuelekeza bila kutukana, na wengine walioachwa wafundishe walivyozoea. Msimu uliofuata, asilimia 26 ya watoto wa makocha wasiofunzwa hawakurudi kucheza. Kwa wale wengine ilikuwa asilimia 5. Na tofauti haikuletwa na ushindi, kwa sababu matokeo ya timu za pande zote mbili yalikaribiana.

Besiboli si mpira wetu na Washington si Katubuka. Lakini kila anayefundisha watoto hapa anamjua yule winga mwepesi aliyepotea baada ya kutukanwa mbele ya watu kwenye ndondo.

Kutulia hakumaanishi kusema mlicheza vizuri kama hamkucheza vizuri. Watoto wanajua. Ukiwasifia uongo, siku utakayowasifia kweli hawatakuamini. Unasema lililo kweli, kwa sauti ileile unayotumia kuwaambia wafunge kamba za viatu.

4. Mimi mwenyewe nimekasirika. Nifanyeje?

Hasira haitoki kwa kuambiwa itoke, kwa hiyo ipe mwili kazi. Ndiyo maana swali la 1 limejaa mikono, maji na bipsi: ni kwa ajili ya watoto, na ni kwa ajili yako pia. Ukihisi bado unachemka, mwachie msaidizi au nahodha kazi ya maji, wewe zunguka uwanja mara moja ukikusanya koni.

Andaa sentensi ya kwanza kabla ya mechi, ukiwa bado na akili zako. Inaweza kuwa hii: "Haya wanangu, kunyweni maji kwanza, tutaongea." Ishike hiyo. Makocha wengi huharibu kwenye sentensi ya kwanza, ile inayotoka yenyewe: "Sasa ule ulikuwa mpira gani?"

Na ujue watoto hawasomi maneno peke yake. Wanaona kofia iliyotupwa chini, chupa iliyopigwa teke, kocha anayeongea na watu wengine huku amewapa mgongo. Kimya cha kununa ni adhabu pia. Kuna kocha asiyewahi kutukana mtoto hata siku moja, lakini mkifungwa haongei na mtu mpaka Jumanne, na watoto wake wanaiogopa hiyo kuliko matusi.

Kama hasira imekuzidi kabisa, futa mazungumzo. Sema, "Leo tumechoka wote, tutaongea mazoezini." Hakuna kilichoharibika.

## Mazungumzo yenyewe

5. Niulize nini hasa?

Maswali matatu, kwa mpangilio huu.

La kwanza: *Nani alimwona mwenzake akifanya kitu kizuri leo, na kilikuwa nini?* Angalia kwamba linamhusu mwenzake, si yeye mwenyewe, na linataka tukio. "Alicheza vizuri" haitoshi. "Alirudi mbio akampora yule namba saba" inatosha.

La pili: *Ni kitu gani wenzetu walifanya kikatusumbua?* Hapa macho yanahamia kwa wapinzani na mchezo, yanatoka kwa mtoto aliyekosea. Ukiuliza "Tulikosea wapi?" watoto watatazama mtu. Ukiuliza "Walitusumbua na nini?" watatazama uwanja.

La tatu: *Tukikutana Jumanne, tujifunze kitu gani kimoja?* Kimoja. Mtoto anatoka pale akiwa ameshika kazi ya kufanya, na kufungwa kumekuwa sababu ya mazoezi.

Neno la kukwepa ni "kwa nini". "Kwa nini hukukaba?" haina jibu kwa mtoto wa miaka 10, ina utetezi au machozi tu.

6. Nipe mfano wa mechi nzima, nione inavyokwenda.

Chukua timu ya chini ya miaka 13 kutoka Mwanga, imekwenda kucheza Ujiji, vipindi viwili vya dakika 25. Mapumziko ni 1-1. Kipindi cha pili dakika za mwanzoni, mshambuliaji wa Ujiji anapiga shuti la mbali, kipa anatema mpira, unamaliziwa wavuni. 2-1. Kuanzia hapo Mwanga wote wanapanda kutafuta la kusawazisha, wanapigiwa mipira mirefu nyuma yao, wanakula mengine mawili. 4-1.

Uwanjani kila mtu, mashabiki hata wachezaji, anaona mechi ilipotea kwa kipa. Kipa mwenyewe amekaa golini, uso ndani ya glovu. Kocha anakwenda hadi golini, anampa mkono kumwinua, anatembea naye hadi kwenye kivuli bila kusema lolote la goli. Anampa chupa ya maji awagawie wenzake. Sasa kipa ana kazi, na wenzake wanapokea kitu kutoka mkononi mwake.

Wakishakaa, kocha anauliza swali la kwanza. Kimya kidogo, halafu mmoja anasema kiungo wao alipiga ile pasi ya goli. Mwingine anasema, "Kocha, kipa alidaka ile kona ya kipindi cha kwanza, walikuwa wamemzunguka." Kocha anaitikia kwa kichwa tu. Haongezi hotuba.

Swali la pili. "Walikuwa wanatupigia mipira ya nyuma," anasema beki. "Wanakuja watatu, mimi niko peke yangu." Kocha anauliza, "Wenzako walikuwa wapi?" Winga anajibu mwenyewe: "Tulikuwa mbele, kocha. Tulitaka kurudisha." Halafu kocha anauliza kuhusu goli la pili, kwa sababu anajua lisipotajwa pale litatajwa njiani kwa ubaya: "Lile shuti lilipotemwa, nani walikuwa karibu na mpira?" Watoto wanafikiri. Walikuwa washambuliaji wawili wa Ujiji. Na sisi? Hakuna. Mabeki walisimama kutazama shuti.

Hapo kosa la kipa limekuwa na ukubwa wake halisi. Alitema, ndiyo, hakuna aliyekataa. Ila mpira uliotemwa unahitaji beki wa kuufuata, na hakuwepo.

Swali la tatu linajijibu. Mmoja anasema tujifunze kubaki nyuma, mwingine anataka kufuata mpira unaotemwa. Kocha anachagua moja: Jumanne tutacheza sita kwa sita, na kila tunaposhambulia lazima wawili wabaki nyuma ya mpira. Lile la mpira unaotemwa anaahidi kulifundisha wiki nyingine. Wanainuka.

Tazama kocha ameongea kiasi gani. Sentensi chache, nyingi zikiwa maswali. Angetoa hotuba angesema mambo yaleyale, lakini yangekuwa yake.

7. Nikiuliza, wanainamisha vichwa, hakuna anayejibu.

Mara nyingi wamezoea kwamba kocha akiuliza anatafuta wa kumkaripia. Itachukua mechi kadhaa kabla hawajaamini kwamba swali ni swali.

Kwa sasa, waambie waongee wawili wawili kwanza kwa dakika moja, kisha kila wawili waseme kitu kimoja. Au anza na wa akiba, kwa sababu wao walikuwa wametulia wanatazama na hawana kosa la kulinda. Na kama una mtoto aliyehamia mjini hivi karibuni kutoka Buhigwe au Kibondo, huenda ana la kusema ila Kiswahili cha mbele ya watu kinampa shida. Mwache aseme kwa Kiha, mwenzake atafsiri. Watacheka kidogo, na kucheka hakudhuru.

Hesabu kimyakimya hadi kumi kabla hujajaza kimya kwa maneno yako. Wengi wetu hatufiki nne.

8. Wameanza kunyosheana vidole: "Wewe ndiye uliyetufungisha!"

Usimkaripie anayelaumu, maana naye ameumia. Geuza kauli yake iwe swali la uwanja: "Sawa, mpira ulifikaje pale alipo yeye?" Karibu kila goli lina hatua mbili tatu nyuma yake, na ukizifuata kinyumenyume lawama zinakosa mtu wa kumkalia. Mfano ni goli la pili kwenye swali la 6.

Likiwa tusi, hiyo ni nidhamu na si mazungumzo ya mechi. Simamisha, mwambie kwa kifupi kwamba hapa hatutukanani, endelea. Baadaye mwite pembeni.

9. Na tukishinda?

Maswali yaleyale, dakika zilezile. Duara likija siku za kufungwa tu, watoto wataliona kuwa adhabu.

## Mtoto mmoja mmoja

10. Analia na hanyamazi.

Mwache alie. "Mwanaume halii" haijawahi kukausha machozi ya mtu, inamfundisha tu kujificha. Kaa karibu naye, usimshike kama hataki, na usimlazimishe kuingia kwenye duara. Mwambie, "Nipo hapa, ukiwa tayari njoo." Wengi huja wenyewe baada ya dakika chache, macho mekundu, na wakati mwingine ndio wanaojibu vizuri kuliko wote.

Wakitokea wenzake wa kumcheka, wape kazi ya kukusanya mipira.

11. Nimwambie nini aliyekosa penati au kipa aliyefungisha?

Jambo la kwanza ni kutembea naye, kama yule kocha wa Mwanga. Maneno yanaweza kusubiri. Usimwambie "haikuwa kosa lako" kama anajua lilikuwa lake. Sema lililo kweli na dogo: "Ulipiga chini kulia, kipa akaifuata. Jumanne tutapiga kumi pamoja."

Kwa mikwaju ya penati kuna kosa ambalo makocha hulifanya kabla hata ya kufungwa: kumlazimisha mtoto apige. Uliza nani anataka. Watoto wakiwa wachache wanaotaka, jaza nafasi zilizobaki kwa utaratibu mliokubaliana mazoezini, ili siku ya siku asionekane mmoja ametupwa.

Halafu kitu ambacho wengi husahau: mechi inayofuata mpange tena. Ukimweka benchi bila maelezo baada ya kosa, umeshampa hukumu, na maneno yako yote mazuri ya kivulini yamefutika.

12. Mwingine anacheka na kucheza kana kwamba hakuna kilichotokea.

Inawakera sana makocha, na mara nyingi haina ubaya wowote. Watoto wa miaka 9 na 10 husahau upesi, na hiyo ni afya. Wengine hucheka kuficha aibu. Hao utawajua kwa sababu kicheko chao kinakata ghafla ukiwatazama. Wote wawili waache. Hakuna sheria inayotaka mtoto aonyeshe huzuni ili kocha aridhike.

13. Hakucheza hata dakika moja, na amenuna kuliko wote.

Ana haki. Yeye amepoteza mara mbili. Mpe nafasi kwenye swali la pili, kama ilivyoelezwa swali la 7, na umwambie ukweli kuhusu lini atacheza. Kwa umri huu kila aliyesafiri na timu angepaswa kuingia, hata kama ni kipindi kimoja.

## Watu wazima wa pembeni

14. Mzazi anamfokea mwanawe mbele ya wote. Naingilia?

Ndiyo, kwa heshima na kwa sauti ya chini. Usimwambie amekosea. Mwombe: "Mzee wangu, nakuomba dakika kumi tu nimalize na vijana, kisha nitamleta kwako." Ni mara chache mzazi atakataa, kwa sababu umemheshimu na umempa muda wa kupoa. Mama aliyechoka jua la uwanjani naye anaombwa hivyohivyo.

Kilicho bora ni kuongea nao kabla ya msimu. Waombe jambo moja: njiani kurudi nyumbani wasianze wao kuizungumzia mechi. Mtoto akitaka kuongea ataongea. Waulize kama ana njaa.

Mashabiki ni habari nyingine, hasa kwenye ndondo ambako watu wazima wameweka pesa kwa matokeo ya watoto. Huwezi kuwatuliza wote. Unachoweza ni kuhamisha duara: nenda mbali, nyuma ya goli la upande wa pili, ama wapandishe watoto kwenye gari kwanza. Mazungumzo yanayosikiwa na watu hamsini hayatakuwa ya kweli.

15. Mwenye timu au mwalimu mwenzangu anataka watoto warushwe kichura kwa kufungwa.

Mjibu kwa lugha ya mpira, atakuelewa haraka kuliko lugha ya huruma. Mtoto anayejua akipoteza mpira ataruka kichura hataki tena mpira ufike kwake. Utaona mazoezini: anatoa pasi ya haraka ya ovyo, anajificha nyuma ya mkabaji, kipa anaogopa kutoka golini. Umetengeneza timu ya watoto wanaokimbia jukumu.

Kukimbia ni sehemu ya mazoezi. Kukifanywa adhabu, watoto wanaanza kukichukia kitu ambacho wewe mwenyewe unakihitaji kesho.

## Kesi ngumu

16. Wenzetu walichezesha vijeba. Nawaambiaje watoto wangu?

Hili linatokea, na watoto wanaliona: mwenye ndevu kwenye mashindano ya shule ya msingi hafichiki. Tenganisha mambo mawili. Rufaa ni kazi ya watu wazima. Mkishaachana na watoto, ipeleke kwa waandaaji kwa utaratibu wao, na ushahidi ulio nao. Kwa watoto sema wazi mara moja: "Nimeona, na nitalifuatilia mimi." Usijifanye hukuona, watakudharau.

Kisha endelea na maswali matatu. La kwanza linafaa sana siku hiyo, kwa sababu mtoto aliyemkaba mtu aliyemzidi kichwa kizima na mara moja akampora mpira amefanya jambo la kutajwa. Kinachoharibu ni kuwaachia wale vijeba lawama ya mechi yote. Mkifungwa mechi ijayo na watoto wa saizi yenu, mtatafuta sababu nyingine ya nje.

17. Refa alituonea kweli.

Fuata njia ileile ya swali la 16: kubali mara moja, kwa sentensi moja, usonge mbele. Mkono wa refa unapewa hata siku hiyo. Watoto wako watamtendea refa ajaye kama ulivyomtendea huyu.

18. Watoto wanasema tumelogwa, wameona kitu kimefukiwa golini.

Usiwacheke. Wameyasikia kwa watu wazima. Hata ligi kubwa zetu zina "kamati za ufundi" zinazofahamika kwa kazi hiyo. Ukianza mjadala wa kama uchawi upo au haupo, duara limekwisha na hamtapatana.

Uliza tu: "Magoli yaliingiaje?" Wataeleza krosi, wataeleza beki aliyeteleza. "Haya, hiyo krosi Jumanne tutaizuiaje?" Hujamkana mtu wala imani ya nyumbani kwake, na mazungumzo yamerudi kwenye kitu ambacho miguu yao inaweza kukifanya.

19. Tumepigwa nane bila.

Fupisha. Swali la pili siku hiyo lina majibu mengi mno na kila jibu ni kidonda. Uliza la kwanza tu, na usikubali jibu la "hakuna". Kisha tangaza mazoezi. Mazoezi yanayofuata yawe ya mchezo watakaoufurahia, magoli madogo, timu zenye uwiano, na uangalie nani hakuja. Ambaye hakuja mfuate nyumbani, au mtume rafiki yake.

Jiulize pia wewe kwa nini mechi ile ilipangwa. Timu inayofungwa nane kila wiki haihitaji mazungumzo mazuri zaidi, inahitaji wapinzani wa kiwango chake.

20. Tumetolewa UMITASHUMTA ngazi ya wilaya. Hakuna mechi inayofuata, na wengine ni darasa la saba.

Hapa swali la tatu halina Jumanne ya kuliegemea, kwa hiyo libadilishe. Waulize: "Kitu gani mwaka huu hukuweza mwanzoni na sasa unaweza?" Mwache kila mmoja ajibu, hata ikichukua dakika kumi na tano. Mtoto atasema sasa anapiga kwa mguu wa kushoto, mwingine kwamba haogopi kupiga kichwa. Wale wa darasa la saba waambie shule za sekondari zina UMISSETA, na watakaobaki wawaage wenzao palepale.

Safari ya kurudi ni ndefu na kwenye gari kutakuwa na kuimba au kimya. Usiongoze chochote.

21. Nitajuaje kama haya yanasaidia?

Usitazame matokeo ya mechi ijayo. Tazama mahudhurio ya mazoezi ya kwanza baada ya kufungwa. Tazama kama aliyekosea anaomba mpira tena ndani ya mechi ileile, kama kipa bado anapiga kelele kuwapanga mabeki wake baada ya kufungwa goli. Na sikiliza: siku moja kabla hujauliza, mtoto atasema, "Kocha, leo walitusumbua na kona."

22. Ni wakati gani mazungumzo hayafai kabisa?

Mtoto akiwa amegongwa kichwa. Anaweza kuonekana amezubaa kwa huzuni ya kufungwa, kumbe ameumia. Akirudia swali lilelile, akiwa hakumbuki matokeo, akitapika, akiyumba, akilalamika kichwa au kuwa na usingizi usio wa kawaida, usimrudishe uwanjani hata kama anasisitiza, usimwache peke yake, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu. Kwa walio mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni ipo. Mweleze mzazi mwenyewe kwa mdomo, usimtume mtoto.

La pili ni yule asiyetaka kwenda nyumbani. Wengine wanachelewesha kuvua njumu, wanauliza kama unaweza kuwasindikiza. Ukisikia kwamba akifungwa anapigwa, hilo si la duara wala la wachezaji wenzake. Msindikize siku hiyo, ongea na mzazi kwa upole kuhusu mechi, na kama kuna alama mwilini au hofu inajirudia, lifikishe kwa mwalimu mkuu au afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri. Kuna pia namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo kuipiga ni bure.